Robota la mitumba linapofunguliwa mubashara: nani ameipata nguo, na kwa bei gani?

Saa mbili usiku, katika chumba kidogo eneo la Ilala jijini Dar es Salaam, robota la blauzi za kike la kilo 45 liko sakafuni likiwa bado limefungwa mikanda yake. Simu imesimamishwa kwenye kigoda, taa nyeupe imewashwa na watazamaji wanaingia mmoja mmoja. Muuzaji analiinua robota waone pande zote, anakata mkanda wa kwanza, na nguo zinafumuka. Dakika chache baadaye anashika blauzi ya kwanza, anataja namba yake, kipimo na bei. Kabla hajamaliza sentensi, maandishi yameshaanza kupanda kwenye kioo: "Yangu 1", "Yangu 1", "Nachukua 1".

Watu watatu wameitaka nguo moja. Mmoja yuko Mbagala, wa pili yuko Morogoro na wa tatu ni mama anayeuza nguo kwenye gulio wilayani Maswa, mkoani Simiyu. Nani ameipata? Swali hilo linaonekana dogo, lakini faida ya muuzaji na mtaji wa mnunuzi vinategemea jinsi linavyojibiwa.

Mauzo ya namna hii yanafanyika kupitia Instagram, TikTok, Facebook na makundi ya WhatsApp, lakini desturi yake ni ya zamani kuliko simu. Katika masoko ya mitumba kama Karume, wachuuzi huamka alfajiri kuzunguka robota linapofunguliwa, kila mmoja akitaka kuwa wa kwanza kuchagua. Gikomba, jijini Nairobi, nguo bora zinazotoka kwanza zina jina lake, kamera, na zinazobaki mwisho huitwa fagia. Kilichobadilika ni kwamba zamani nguo ilikuwa ya aliyeishika mkononi. Kwenye simu hakuna mkono, kwa hiyo kunahitajika kanuni.

Daraja la nje ya robota na daraja la ndani

Mkulima wa pamba anajua kwamba daraja A na daraja B hazilipwi sawa, na kwamba daraja huonekana pamba inapofunuliwa mbele ya mnunuzi. Mitumba ni kinyume chake. Mfanyabiashara hulipia robota lililofungwa, akiamini neno lililoandikwa juu yake, na likishafunguliwa halirudishwi.

Maneno hayo, kama vile "krimu" au "namba moja", huwekwa na kiwanda kilichochambua nguo huko nje, iwe Ulaya, Kanada, Pakistani au Falme za Kiarabu. Hakuna kipimo kimoja kinachofuatwa na viwanda vyote. Namba moja ya kiwanda kimoja inaweza kuwa sawa na namba mbili ya kingine, na ndiyo maana wafanyabiashara wazoefu hufuata alama ya kiwanda wanachokijua kuliko neno "krimu" peke yake.

Hatari nyingine ni robota lililochezewa. Mtu hulifungua, akatoa nguo nzuri, akajazia mabaki na kulifunga upya. Dalili zake huonekana kwa macho: mikanda iliyolegea au isiyofanana, gunia la nje lenye mshono wa pili juu ya matundu ya mshono wa kwanza, na uzito usiolingana na ulioandikwa. Ndiyo faida kubwa ya kufungua mubashara. Muuzaji anayeonyesha mikanda ikiwa mizima, akaliweka robota kwenye mizani na kulikata bila kuzima kamera, amewapa wanunuzi ushahidi ambao hawaupati wanapoletewa picha za nguo ambazo tayari zimeshachambuliwa.

Hata hivyo, kufunguliwa mubashara hakuondoi hila zote. Wapo wanaofungua, wakasema wanapumzika kidogo, na kamera inaporudi nguo bora zimeshawekewa wateja wa karibu. Mnunuzi makini hutazama kama kamera imekaa muda wote juu ya lundo, na kama muuzaji alitaja idadi ya nguo kabla ya kuanza kuuza.

Jinsi ya kupanga madaraja

Baada ya kufungua, muuzaji hachukui nguo yoyote iliyo karibu na kuitangaza. Huchambua kwanza. Wengi hutenga mafungu manne: daraja la kwanza, la pili, la tatu na mabaki. Daraja la kwanza ni nguo inayokaribia upya, yenye rangi kamili na isiyo na dosari. La pili ni nguo iliyovaliwa lakini nzima. La tatu lina dosari inayorekebishika, kama kifungo kilichopotea au mshono uliofumuka. Mabaki ni nguo zenye madoa yasiyotoka, matundu au kitambaa kilichochoka.

Ukaguzi wenyewe una utaratibu. Nguo huanza kuangaliwa kwenye kola, makwapa na ncha za mikono, kwa sababu ndipo jasho na msuguano huacha alama. Kisha hunyanyuliwa mbele ya taa ili matundu madogo yaonekane. Rangi hupimwa kwa kugeuza mshono na kulinganisha kitambaa cha ndani na cha nje: vikitofautiana sana, nguo imepauka. Mpira wa kiuno au wa mkono huvutwa na kuachiwa. Usiporudi haraka, umekufa, na nguo hiyo si daraja la kwanza hata iking'aa namna gani.

Hapa ndipo kamera inapodanganya. Taa kali nyeupe hufuta umanjano wa makwapani na kuficha vifundo vidogo vya nyuzi vinavyoota kwenye kitambaa kilichofuliwa mara nyingi. Mnunuzi anaweza kumwomba muuzaji mambo mawili: aisogeze nguo karibu na kamera sehemu ya kwapa, na aigeuze ndani nje. Muuzaji anayekataa mambo hayo mawili kwa nguo ya bei ya juu ameshatoa jibu.

Kipimo nacho kina mtego wake. Lebo yenye namba 12 kutoka Uingereza ni karibu sawa na namba 8 ya Marekani, na robota moja linaweza kuwa na nguo za nchi zote mbili. Aidha, nguo iliyofuliwa kwa miaka miwili huenda imeshanywea. Kwa hiyo kinachoaminika ni futi ya fundi. Nguo hulazwa, ikapimwa kutoka kwapa hadi kwapa, na namba hiyo ikazidishwa mara mbili. Sentimita 50 zikiwa zimelazwa maana yake kifua cha sentimita 100. Muuzaji anayetaja kipimo hicho kwa kila nguo hupunguza sana ugomvi wa baadaye.

Jambo moja halina mjadala. Nguo za ndani za mitumba zimekatazwa nchini na Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Zikijitokeza ndani ya robota haziingii katika daraja lolote, na haziuzwi.

Bei inavyopatikana

Bei ya nguo moja huanzia kwenye gharama ya robota zima. Tuchukulie mfano. Muuzaji amenunua robota la blauzi kwa Sh450,000. Ametumia Sh25,000 kwa mchukuzi, usafiri, bando la intaneti na mifuko ya kufungashia. Gharama yote ni Sh475,000. Blauzi nyepesi ina uzito wa wastani wa gramu 160 hivi, kwa hiyo kilo 45 zinatoa takriban blauzi 280. Kila moja imemgharimu karibu Sh1,700.

Lakini hawezi kuuza zote kwa Sh1,700 na kuongeza faida kidogo juu yake. Mabaki hayatanunuliwa kwa bei hiyo, nayo yamelipiwa sawa na nguo nzuri. Hata forodhani hali ni hiyo. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa nguo za mitumba umepangwa kuwa asilimia 35 ya thamani au dola 0.40 za Marekani kwa kilo, kwa kufuata kiasi kilicho kikubwa zaidi, ingawa nchi moja moja huweza kuruhusiwa kutoza tofauti. Ushuru unapotozwa kwa kilo, tambara hulipiwa sawasawa na blauzi ya hariri. Nguo bora lazima zibebe mzigo wa zile mbovu.

Katika mfano huu, muuzaji amepata nguo 50 za daraja la kwanza, 110 za daraja la pili, 80 za daraja la tatu na mabaki 40. Akiuza daraja la kwanza kwa Sh5,000, atapata Sh250,000. Daraja la pili kwa Sh2,500 litampa Sh275,000. Daraja la tatu kwa Sh1,000 ni Sh80,000. Mabaki, yakiuzwa kwa mafungu, kila nguo ikihesabiwa Sh200, yataleta Sh8,000. Jumla ni Sh613,000, na faida ni Sh138,000.

Faida hiyo inaonekana nono, lakini imesimama juu ya nguo 50 za kwanza. Kama robota lingetoa 30 badala ya 50, na zile 20 zikaangukia daraja la tatu, muuzaji angepoteza Sh80,000 na kubaki na Sh58,000. Ndiyo sababu mwenye uzoefu hatangazi bei yoyote kabla hajamaliza kuchambua na kuhesabu. Akiona daraja la kwanza ni chache, hupandisha kidogo bei ya daraja la pili mapema, kabla watazamaji hawajazoea bei ya chini.

Mpangilio wa kuuza nao una sababu. Wengi hawaanzi na nguo bora zote kwa mpigo. Huchanganya: nguo tatu au nne za daraja la pili, kisha moja ya daraja la kwanza, ili watu wasiondoke. Daraja la tatu na mabaki huja mwisho, kwa mafungu ya nguo kumi kumi, watazamaji wanapokuwa wamepungua na waliobaki wanatafuta bei ya chini.

Nani ameipata nguo

Kanuni inayotumika zaidi ni rahisi: wa kwanza kuandika neno lililokubaliwa pamoja na namba ya nguo ndiye mwenye nguo. Neno hilo laweza kuwa "yangu" au "nachukua", na namba ni muhimu kuliko neno. Aliyeandika "yangu" bila namba hana kitu, kwa sababu wakati maandishi yake yanafika, muuzaji anaweza kuwa ameshashika nguo nyingine.

Ugomvi mkubwa unatokana na ucheleweshaji wa picha. Matangazo ya mubashara humfikia mtazamaji baada ya sekunde kadhaa, na mwenye mtandao dhaifu huchelewa zaidi. Yule mama wa Maswa anaweza kuona kwenye simu yake kwamba jina lake liko juu, wakati kwenye simu ya muuzaji jina la mtu wa Mbagala lilitangulia. Wote wawili wanasema kweli. Kwa hiyo kanuni lazima itamkwe mwanzoni: kinachohesabiwa ni mpangilio unaoonekana kwenye simu ya muuzaji, na nguo inakuwa ya mtu pale muuzaji anapomtaja kwa jina. Wauzaji wazuri huwa na msaidizi anayeandika daftarini namba ya nguo, jina la aliyeipata, bei, na jina la aliyefuata.

Jina la aliyefuata si la mapambo. Wapo wanaoandika "yangu" kwenye kila nguo kisha hawalipi. Kama wa pili ameandikwa, nguo humhamia yeye pindi muda wa wa kwanza unapokwisha. Kama hakuandikwa, nguo inarudi lundoni, na safari ya pili haiuziki kwa bei ileile.

Turudi kwenye mfano. Tuseme nguo kumi za daraja la kwanza na 20 za daraja la pili ziliitwa lakini hazikulipwa. Muuzaji ana pengo la Sh100,000, na faida ya Sh138,000 inashuka hadi Sh38,000. Na kama usiku huohuo robota lilikuwa limetoa nguo 30 tu za daraja la kwanza, amefunga hesabu kwa hasara ya Sh42,000 huku akibaki na nguo 30 mkononi. Hiyo ndiyo sababu ya masharti ambayo wateja wengine huyaona ni ukali: malipo ndani ya saa moja baada ya mauzo, au kishika uchumba kwa mteja mgeni anayetaka nguo nyingi.

Malipo hufanyika kwa simu. Upande wa mnunuzi, salama zaidi ni kulipa kwa Lipa Namba ya biashara na kusoma jina linalojitokeza kabla ya kuingiza namba ya siri. Jina likiwa tofauti na la muuzaji aliyetajwa hewani, asitishe na kuuliza. Matapeli huingia kwenye maandishi ya mauzo wakijifanya wasaidizi na kuweka namba zao. Upande wa muuzaji, picha ya ujumbe wa malipo si malipo. Aangalie salio lake mwenyewe, ndipo afunge mzigo.

Dosari zilizotajwa hewani haziwezi kudaiwa baadaye. Zile ambazo hazikutajwa ni jambo jingine. Utaratibu wa haki ni mnunuzi kufungua mfuko akiwa anajirekodi kwa simu, na kutuma picha siku ileile. Muuzaji naye asizime rekodi ya mauzo yake. Nguo namba 14 ikibishaniwa, rekodi inaonyesha alisema nini na aliigeuza upande gani.

Hesabu ya mnunuzi wa gulioni

Mnunuzi wa rejareja hatakiwi kuanza na bei anayoisikia hewani. Aanze na bei ya gulio lake na kurudi nyuma. Mama wa Maswa anajua kwamba blauzi nzima, ya kawaida, inatoka kwa Sh4,500. Akichukua 20 za daraja la pili kwa Sh2,500, atalipa Sh50,000. Tuseme mzigo wa basi, makato ya simu na bodaboda ni Sh10,000. Kila nguo imefika kwa Sh3,000.

Akiuza 15 kwa Sh4,500 na tano zenye kasoro kwa Sh2,000, atakusanya Sh77,500 na kubaki na Sh17,500. Lakini angechukua nguo sita tu, zile Sh10,000 za usafiri zingegawanywa kwa sita. Kila nguo ingefika kwa karibu Sh4,170, na hata akiziuza zote kwa Sh4,500 asingepata zaidi ya Sh2,000. Kwa aliye mbali, idadi ni muhimu kama bei. Ndiyo maana baadhi ya wanunuzi wa mji mmoja hukusanya nguo zao kwa muuzaji mpaka zitimie mzigo mmoja, wakagawana nauli.

Hesabu hiyo pia inamwambia asishindanie nini. Nguo ya Sh5,000 ya daraja la kwanza ingemfikia kwa Sh5,500, nayo inahitaji mteja wa Sh7,000 au zaidi. Mjini yupo. Kwenye gulio la wakulima hupatikana zaidi baada ya malipo ya pamba, msimu ambao kwa kawaida hufunguliwa mwezi Mei. Miezi ya palizi, fedha ikiwa imekwenda kwenye mbegu na vibarua, blauzi hiyohiyo inaweza kukaa kwenye kamba mpaka jua liipaushe, ikiwa imefunga Sh5,500 za mtaji.

Kwa hiyo kabla namba haijatajwa, mnunuzi awe ameandika kwenye karatasi bei ya juu kabisa atakayolipa kwa kila daraja, na idadi anayoitaka. Kule Ilala, blauzi namba 1 ilitajwa Sh5,000. Mama wa Maswa akiwa na karatasi ya namna hiyo mbele yake, asingeandika "Yangu 1". Angemwachia mtu wa Mbagala na wa Morogoro wagombane, na kusubiri namba ya daraja la pili.